Maswali na Majibu: Kanuni ya Simpson na Kipande Kinachobaki Mkiani

Swali la 1. Kanuni ya Simpson inafanya nini ambacho kanuni ya trapeza haifanyi?

Trapeza huunganisha nukta mbili zinazofuatana kwa mstari ulionyooka. Simpson huchukua nukta tatu, hupitisha tao la parabola katika nukta hizo, kisha hukokotoa eneo lililo chini ya tao hilo. Kwa kuwa grafu nyingi hupinda, tao huifuata grafu kwa ukaribu zaidi kuliko mstari.

Jina ni la Thomas Simpson, Mwingereza aliyeishi kati ya 1710 na 1761, lakini Johannes Kepler alikuwa ameshaitumia kanuni yenyewe katika kitabu chake cha 1615 kuhusu ujazo wa mapipa ya mvinyo. Ndiyo maana Wajerumani mpaka leo huiita kanuni ya pipa ya Kepler. Mtihani hauulizi hayo, tuendelee.

Swali la 2. Onyesha vizidishi 1, 4, 1 vinatoka wapi.

Weka nukta ya kati kwenye x = 0, ili nukta tatu ziwe kwenye −h, 0 na h, zenye thamani y₀, y₁ na y₂. Parabola ni y = Ax² + Bx + C. Ukiifanyia integrali kutoka −h hadi h, kijenzi cha B kinajifuta chenyewe, na unabaki na

2Ah³/3 + 2Ch.

Sasa tafuta A na C. Kwenye x = 0 tunapata C = y₁. Ukijumlisha thamani za ncha mbili unapata y₀ + y₂ = 2Ah² + 2C, kwa hiyo 2Ah² = y₀ + y₂ − 2y₁. Weka thamani hizo mahali pake:

Eneo = (h/3)(y₀ + 4y₁ + y₂).

Ushikilie uthibitisho huu vizuri, kwa sababu katika Swali la 6 tutaurudia kwa nusu tu ya parabola, na hapo ndipo penye ufunguo wa suala zima la vipande witiri.

Swali la 3. Kwa nini idadi ya vipande lazima iwe shufwa?

Kila tao moja hula vipande viwili. Ukiwa na vipande vinne unapanga matao mawili, na nukta iliyo mpakani huhesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila tao. Hapo ndipo mfululizo maarufu unapotoka: 1, 4, 2, 4, 1. Ukiwa na vipande vitano, matao mawili yanakula vinne na kimoja kinabaki bila mwenzake.

Angalia mtego wa kuhesabu hapa. Vipande vitano vina nukta sita. Swali likisema "vipimo sita vilichukuliwa kwa umbali sawa," shufwa ni idadi ya vipimo, na witiri ni idadi ya vipande. Watahiniwa wengi huona "sita," huridhika kwamba ni shufwa, kisha huanza kukokotoa. Andika kwanza n = idadi ya vipimo − 1, ndipo uamue.

Swali la 4. Mtu akilazimisha tu mfululizo wa Simpson kwenye vipande vitano, kutatokea nini?

Tuchukue integrali ambayo jibu lake tunalijua: 1/x kutoka 1 hadi 2, ambayo ni ln 2 = 0.693147. Kwa vipande vitano h = 0.2, na thamani ni hizi:

| x | 1/x |
|---|---|
| 1.0 | 1.000000 |
| 1.2 | 0.833333 |
| 1.4 | 0.714286 |
| 1.6 | 0.625000 |
| 1.8 | 0.555556 |
| 2.0 | 0.500000 |

Anayelazimisha ataandika vizidishi 1, 4, 2, 4, 2, 1. Jumla inakuwa 9.873016, ukizidisha kwa h/3, yaani ukigawanya kwa 15, unapata 0.658201. Kosa ni karibu 0.035. Kanuni ya trapeza peke yake, kwa nukta zilezile, inatoa 0.695635, yenye kosa la 0.0025 tu. Yaani aliyetumia kanuni "bora" vibaya amekosea mara kumi na nne zaidi ya aliyetumia kanuni ya kawaida vizuri.

Kuna njia ya kulinasa kosa hili bila kujua jibu sahihi. Fikiria f(x) = 1 kila mahali. Eneo lake kutoka 1 hadi 2 ni 1 kamili, kwa hiyo vizidishi vyako vikijumlishwa na kuzidishwa kwa h/3 lazima vitoe 1. Hapa 1 + 4 + 2 + 4 + 2 + 1 = 14, na 14/15 si 1. Jaribio hili huchukua sekunde chache. Lifanye pembeni ya karatasi kila unapotunga mfululizo wa vizidishi usiouzoea.

Swali la 5. Njia rahisi ni kutumia trapeza kwenye kipande kinachobaki. Je, inatosha?

Inatoa jibu linalokubalika, ila inaharibu sifa iliyokufanya uchague Simpson. Tuone kwa namba. Simpson kwenye vipande vinne vya kwanza, kutoka 1 hadi 1.8, inatoa 0.587831, thamani halisi ni 0.587787, hivyo kosa ni 0.000044. Trapeza kwenye kipande cha mwisho inatoa 0.105556 badala ya 0.105361, kosa ni 0.000195. Kwa pamoja tunapata 0.693386, yenye kosa la 0.000239.

Tazama kosa hilo linatoka wapi: kipande kimoja kati ya vitano kimeleta zaidi ya robo tatu ya kosa lote. Sababu ni kwamba kosa la trapeza katika kipande kimoja hufuata h³ na derivativu ya pili, ilhali kosa la tao moja la Simpson hufuata h⁵ na derivativu ya nne. Hata ukijumlisha matao yote, kosa la Simpson kwa jumla hufuata h⁴: ukipunguza h kwa nusu, kosa hushuka takribani mara 16. Ukiwa na trapeza moja mkiani, kadiri h inavyopungua kosa lake la h³ ndilo linalotawala, na kosa la jumla hushuka mara 8 tu. Mwalimu akikuuliza "kiraka hiki kinagharimu nini," jibu ndilo hilo: si namba fulani ya desimali bali daraja zima la kasi.

Swali la 6. Je, tunaweza kubaki na parabola hata kwenye kipande kimoja?

Ndiyo, na hii ndiyo njia ambayo ningependa kila mtahiniwa atoke nayo darasani. Kipande cha mwisho hakina mwenzake mbele, lakini nyuma yake kuna nukta. Pitisha parabola kwenye nukta tatu za mwisho, kisha chukua eneo la nusu yake ya kulia tu.

Turudi kwenye parabola ya Swali la 2. Safari hii tunafanya integrali kutoka 0 hadi h, kwa hiyo B haijifuti:

Eneo = Ah³/3 + Bh²/2 + Ch.

Tunajua A = (y₀ − 2y₁ + y₂)/(2h²), B = (y₂ − y₀)/(2h) na C = y₁. Ukiweka zote na kukusanya pamoja:

Eneo = (h/12)(−y₀ + 8y₁ + 5y₂).

Vizidishi ni 5 kwa nukta ya mwisho kabisa, 8 kwa inayoitangulia, na −1 kwa iliyo nyuma yao. Wahandisi wa meli wanazifahamu namba hizi vizuri: kwao 1, 4, 1 ni kanuni ya kwanza ya Simpson, 1, 3, 3, 1 ni ya pili, na 5, 8, −1 ni ya tatu. Alama ya kutoa isikushtue. Nukta ya nyuma haiko ndani ya kipande tunachokipima. Kazi yake ni kutuambia grafu inapinda kuelekea upande gani.

Kwa mfano wetu: (0.2/12)(5 × 0.5 + 8 × 0.555556 − 0.625) = 0.105324. Jumlisha na 0.587831 upate 0.693155. Kosa limebaki 0.000008.

Usidanganyike na uzuri wa namba hiyo. Kosa la kipande hiki ni −0.000036 na la matao mawili ya mwanzo ni +0.000044, yamefutana kwa bahati. Kwenye kitendakazi kingine yanaweza kuongezana. Kilicho cha uhakika ni kwamba kosa la kiraka hiki hufuata h⁴ na derivativu ya tatu, kwa hiyo linashuka kwa kasi ileile ya Simpson, mara 16 kwa kila nusu ya h. Daraja halikupotea.

Swali la 7. Na kanuni ya tatu kwa nane inaingiaje?

Badala ya kubaki na kipande kimoja, unabaki na vitatu. Unatumia Simpson ya kawaida kwenye vipande viwili vya mwanzo, na kwenye vitatu vya mwisho unapitisha polinomia ya kipeo cha tatu katika nukta nne:

Eneo = (3h/8)(y₀ + 3y₁ + 3y₂ + y₃).

Kwa kuwa namba witiri yoyote kuanzia 3 ni 3 ukijumlisha namba shufwa, mpango huu haukwami. Kwa mfano wetu: Simpson kutoka 1 hadi 1.4 inatoa 0.336508, na tatu kwa nane kutoka 1.4 hadi 2 inatoa 0.356696. Jumla ni 0.693204, kosa 0.000057.

Kosa la kanuni hii katika kundi lake la vipande vitatu hufuata h⁵ na derivativu ya nne, kwa hiyo kinadharia ni salama kuliko 5, 8, −1. Ina sifa nyingine: kama ilivyo Simpson yenyewe, inatoa jibu kamili kwa polinomia yoyote hadi kipeo cha tatu. Njia ya 5, 8, −1 ni kamili hadi kipeo cha pili tu.

Swali la 8. Basi nichague ipi kati ya hizo mbili?

Kama mtihani umetaja moja, tumia hiyo. Kama haukutaja, tumia tatu kwa nane na useme umefanya hivyo. Lakini kwa kazi halisi nashauri ukokotoe zote mbili, kwa sababu tofauti yake ina maana. Ukiondoa jibu la 5, 8, −1 kutoka kwenye jibu la tatu kwa nane, vizidishi karibu vyote vinafutana na kinachobaki ni hiki tu, kwa nukta nne za mwisho a, b, c, d:

Tofauti = (h/24)(a − 3b + 3c − d).

Kilicho ndani ya mabano ya pili ni tofauti ya daraja la tatu ya nukta za mwisho, na tofauti hiyo huwa kubwa pale parabola inaposhindwa kuifuata grafu. Kwa mfano wa ln 2 ni 0.005952, na ukizidisha kwa 0.2/24 unapata 0.00005, sawasawa na pengo kati ya majibu yetu mawili. Tofauti ikiwa ndogo, kiraka hakina neno, vyovyote ulivyokiweka. Ikiwa kubwa, ama grafu inapinda kwa ghafla mkiani, ama umenakili kipimo kimoja vibaya.

Swali la 9. Je, kiraka lazima kiwe mwishoni?

Hapana. Kiweke upande ambao grafu imetulia. Grafu ya 1/x inapinda zaidi karibu na 1 kuliko karibu na 2. Ukiweka trapeza kwenye kipande cha kwanza badala ya cha mwisho, kosa la jumla linapanda kutoka 0.000239 hadi 0.001033, zaidi ya mara nne. Kwa 5, 8, −1 unageuza tu mpangilio: 5 inakaa kwenye nukta ya kwanza kabisa, 8 kwenye ya pili, −1 kwenye ya tatu.

Na kama unayo kanuni ya f(x) mkononi, usihangaike na viraka hata kidogo: chagua n shufwa tangu mwanzo. Tatizo la witiri ni la mtu aliyepewa vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa.

Swali la 10. Programu za kompyuta hufanya nini?

Inategemea toleo, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kupata majibu tofauti kwa data ileile. Maktaba ya SciPy, kwa mfano, zamani ilikuwa ikikokotoa mara mbili, trapeza ikiwa mwanzoni kisha ikiwa mwishoni, na kuchukua wastani. Kwa mfano wetu wastani huo ni 0.693783. Kuanzia toleo la 1.11 njia ya kawaida ikawa kiraka cha parabola tulichokiona katika Swali la 6.

```python
import numpy as np
from scipy.integrate import simpson
x = np.linspace(1, 2, 6)
print(simpson(1/x, x=x))
```

Ukipata 0.69315…, programu yako inatumia parabola. Ukipata 0.69378…, ni toleo la zamani.

Swali la 11. Mashua yenye urefu wa mita 15 kwenye usawa wa maji imepimwa nusu ya upana wake kila mita 3, kutoka omo hadi tezi: 0.4, 1.6, 2.2, 2.3, 1.9 na 0.8, zote kwa mita. Tafuta eneo la umbo lake kwenye usawa wa maji.

Vipimo sita, vipande vitano, h = 3. Witiri. Unganisha matao mawili ya Simpson na kiraka cha 5, 8, −1 ili upate mfululizo mmoja wa vizidishi wenye kizidishio cha nje h/12. Matao yanachangia 4, 16, 8, 16, 4. Kiraka kinachangia −1, 8, 5 kwenye nukta tatu za mwisho. Jumla: 4, 16, 8, 15, 12, 5. Hakiki: jumla yake ni 60, na 60/12 ni 5, idadi ya vipande. Sawa.

1.6 + 25.6 + 17.6 + 34.5 + 22.8 + 4.0 = 106.1. Zidisha kwa 3/12 upate 26.525. Hiyo ni nusu ya mashua. Nzima ni mita za mraba 53.05.

Kwa tatu kwa nane vizidishi vya pamoja ni 8, 32, 17, 27, 27, 9 na kizidishio cha nje ni h/24. Jibu kwa mashua nzima ni 53.10. Kwa trapeza mkiani ni 52.70, na lazima iwe pungufu, kwa sababu ubavu wa mashua umebenuka nje na mstari ulionyooka unaukata.

Je, 53.05 au 53.10? Vipimo vimekadiriwa kwa desimali moja, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kukosea kwa mita 0.05. Kipimo cha 1.6, chenye kizidishi 16, kinaweza peke yake kusogeza jibu la mashua nzima kwa mita za mraba 0.4. Tofauti ya 0.05 imemezwa na utepe wa kupimia. Andika 53 na usonge mbele. Kwa eneo hilo, katika maji ya bahari yenye uzito wa tani 1.025 kwa mita ya ujazo, shehena ya tani 0.54 itaizamisha mashua sentimita 1 zaidi.

Swali la 12. Kuna hali ambayo viraka vyote hivi havisaidii?

Ipo, na inatokea pale grafu inapoanza ikiwa imesimama wima, kama omo butu la mashua lilivyo. Chukua kipeuo cha pili cha x kutoka 0 hadi 1, ambacho jibu lake ni 0.666667. Simpson kwa vipande viwili inatoa 0.638071, kwa vinne 0.656526. Kosa limetoka 0.0286 hadi 0.0101: limeshuka mara 2.8 badala ya 16. Vipande hapa ni shufwa, kwa hiyo kosa si la kiraka. Derivativu za kitendakazi hiki hazina kikomo kwenye 0, na fomula zote za makosa tulizozitaja huchukulia kwamba zina kikomo.

Namna ya kugundua ni hiyohiyo: kokotoa kwa h, kisha kwa nusu ya h, kisha kwa robo ya h, na ugawanye badiliko la kwanza kwa la pili. Ukipata karibu 16, Simpson inafanya kazi. Ukipata 3 au 4, usibadilishe kiraka. Ongeza vipimo kwenye ncha yenye matatizo. Wasanifu wa meli hufanya hivyo hasa: kwenye omo na tezi hupima kwa nusu ya umbali wa kawaida, na vizidishi vya sehemu hiyo hugawanywa kwa mbili.